Kwa nini gari linakula mafuta ukikimbiza barabara kuu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyakusanya kwa watu wanaotoka Dar kwenda Morogoro, Tanga au Lindi na magari yao madogo, halafu wakifika sheli wanashangaa. Gari ni lilelile, barabara ni ileile, lakini tenki limeisha mapema. Mifano yote nimeiweka kwenye gari la aina ya IST, kwa kuwa ndilo limejaa mjini hapa na wengi wanalifahamu. Pale ninapopiga hesabu ya fedha nimechukua lita moja kwa shilingi 3,000 ili iwe rahisi. Wewe weka bei kikomo ya EWURA ya mwezi huu.

Nikitoka mwendo wa 80 nikaenda 120, mafuta yanaongezeka kiasi gani?

Karibu nusu ya yale uliyokuwa unatumia. Gari dogo linalotumia lita 4.8 kwa kilomita 100 likiwa kwenye 80 bila kusimamasimama, litataka lita 5.9 hivi kwenye 100, na lita 7.2 hivi kwenye 120. Hapo barabara ni tambarare na hakuna upepo.

Angalia hatua zenyewe. Kutoka 80 hadi 100 umeongeza lita 1.1. Kutoka 100 hadi 120 umeongeza 1.3, na hapo injini imekusaidia kidogo kama nitakavyoeleza chini. Mwendo umeongezeka kwa kiasi kilekile, 20 na 20, lakini hatua ya pili ni ghali kuliko ya kwanza. Ukienda 140 hatua inayofuata itakuwa ghali zaidi tena.

Kwa nini isiwe tu kwamba mwendo ukizidi kwa nusu, hewa nayo inanizuia zaidi kwa nusu?

Kwa sababu hewa inakudai mara mbili, na madai hayo mawili yanazidishana.

Tunaisahau hewa kwa kuwa hatuioni, lakini ina uzito. Mita moja ya ujazo ya hewa ya Dar, kwa joto la nyuzi 30, ina kilo 1.16 hivi. Uso wa IST ukiitazama kwa mbele ni kama mita za mraba 2.2. Kwa hiyo kila mita moja unayosogea, mbele yako kuna kilo 2.5 za hewa ambazo lazima zikupishe. Kwenye 80 unasogea mita 22 kwa sekunde, yaani kila sekunde unakutana na kilo 57 za hewa, zaidi ya mfuko mzima wa saruji. Kwenye 120 unasogea mita 33 kwa sekunde, na hewa unayokutana nayo ni kilo 85 kila sekunde. Hilo ni deni la kwanza: hewa ni nyingi zaidi kwa nusu.

Deni la pili ni kwamba hewa hiyo haitoki polepole. Ukiwa na mwendo mkubwa lazima uitupe pembeni kwa kasi kubwa zaidi, nayo pia kwa nusu zaidi. Hewa nyingi zaidi mara moja na nusu, ikisukumwa kwa kasi zaidi mara moja na nusu: 1.5 × 1.5 ni 2.25. Ndiyo maana tunasema ukinzani wa hewa unakwenda kwa mraba wa mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, ukinzani ni mara nne.

Kuna mtu aliniambia mwendo ukiwa mara mbili mafuta ni mara nane. Nani yuko sahihi?

Nyote mnazungumzia kitu cha kweli, ila si kitu kimoja. Mara nne ni kani inayolirudisha gari nyuma, na hiyo ndiyo inayoamua kazi unayofanya kwa kila kilomita. Mara nane ni kazi kwa kila saa, kwa sababu katika saa hiyo umekwenda kilomita mara mbili pia.

Mwenye gari analipia safari, na Morogoro haisogei. Kwa hiyo kwako hesabu ya mraba ndiyo inayohusika. Ile ya mara nane inamhusu injini: kushinda hewa peke yake kwenye 80 IST inahitaji kilowati 4.6 hivi, na kwenye 120 inahitaji kilowati 15.6. Ndiyo sababu gari la injini ndogo linaonekana limechoka likikaribia 140 au 150, hata kama kwenye 100 lilikuwa linatiririka vizuri. Si kwamba limeharibika. Limefika mahali ambapo kila nyongeza ndogo ya mwendo inadai nguvu nyingi mno.

Naomba hesabu yenyewe niione.

Hii hapa:

```
F = 0.5 × ρ × Cd × A × v²
```

`F` ni kani ya hewa inayolirudisha gari nyuma, kwa newtoni. `ρ` ni uzito wa hewa kwa mita ya ujazo, 1.16. `A` ni uso wa mbele, 2.2. `Cd` ni namba inayoeleza umbo: gari likiwa limechongoka vizuri namba ni ndogo, likiwa kama sanduku namba ni kubwa. Kwa gari dogo lenye mlango wa nyuma uliosimama nimechukua 0.33. `v` ni mwendo kwa mita kwa sekunde, kwa hiyo gawanya kilomita kwa saa kwa 3.6.

Kwenye 80 inatoka newtoni 208. Kwenye 100 inatoka 325. Kwenye 120 inatoka 468.

Hewa haiko peke yake. Matairi nayo yanakula, kwa sababu kila yanapozunguka yanabonyea chini na kurudi, na katika kubonyea huko yanapata joto. Gari likiwa na watu wawili na mizigo yao, jumla kilo 1,200, matairi yanadai newtoni 130 hivi. Namba hiyo haibadiliki sana iwe 40 au 110. Jumlisha: kwenye 80 gari linashindana na newtoni 338, kwenye 100 ni 455, kwenye 120 ni 598.

Sasa igeuze kuwa mafuta. Newtoni 338 kwa kilomita 100 ni megajuli 33.8 za kazi. Lita ya petroli ina megajuli 32 hivi, lakini injini na gia zinakufikishia robo tu kwenye matairi, nyingine inapotea kama joto kwenye rejeta na ekzosi. Kwa hiyo lita moja inakupa megajuli 8 za kazi. Gawanya: lita 4.2 kwenye 80, lita 5.7 kwenye 100, lita 7.5 kwenye 120.

Utaona hizi hazilingani kabisa na zile nilizotoa mwanzo. Sababu ni kwamba robo ile si namba iliyoganda. Injini ya petroli ikipewa kazi nyepesi inapoteza sehemu kubwa ya mafuta kujizungusha yenyewe, na ikipewa kazi nzito kidogo inatumia mafuta vizuri zaidi. Nikichukua asilimia 22 kwenye 80, 24 kwenye 100 na 26 kwenye 120, ndipo zinatoka 4.8, 5.9 na 7.2. Injini inakupunguzia makali ya hewa, lakini haiyaondoi.

Basi nikienda 30 nitatumia kidogo kuliko wote?

Hapana. Kwa IST yetu, hewa na matairi vinalingana kwenye kilomita 63 hivi kwa saa. Chini ya hapo hewa si mpinzani mkubwa tena, na kinachokula ni injini inayojizungusha, kiyoyozi, na breki. Kwenye foleni ya Ubungo umbo la gari halina maana yoyote; unalipia kusimama na kuondoka. Magari mengi ya petroli yanatumia kidogo zaidi yakiwa kati ya 60 na 80, gia ya juu kabisa, bila kukatishwa.

Si kwa sababu injini inazunguka haraka tu? Gari lenye gia ya sita lingekuwa na nafuu?

Lingekuwa na nafuu kidogo, maana injini ingezunguka polepole na kupoteza kidogo kwenye msuguano wake. Lakini kazi ya kuisukuma hewa ingebaki palepale, newtoni 468. Ushahidi mzuri ni magari ya umeme. Mengi hayabadilishi gia kabisa, na mota yake haipotezi kama injini ya petroli, lakini yakiingia barabara kuu na kukimbizwa, umbali yanaofika kwa chaji moja unapungua sana. Kilichobaki pale ni hewa na matairi.

Nikikimbia nafika mapema kiasi gani hasa?

Hapa ndipo ninapotaka watu watulie na kalamu. Chukua kilomita 100 zilizo wazi. Kwa 80 ni dakika 75. Kwa 100 ni dakika 60. Kwa 120 ni dakika 50. Hatua ya kwanza ya 20 imekupa dakika 15 kwa lita 1.1. Hatua ya pili, ya 20 vilevile, imekupa dakika 10 tu kwa lita 1.3. Kila unavyozidi kukanyaga, muda unaoupata unapungua na bei yake inapanda. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, dakika moja ya hatua ya kwanza imekugharimu shilingi 220, na ya hatua ya pili shilingi 390.

Na Dar hadi Morogoro si kilomita zote zilizo wazi. Kuna Kibaha, Mlandizi, Chalinze na vijiji vyenye vibao vya 50 na vivuko vya wanafunzi. Kila ukitoka 120 kushuka 50, breki zimegeuza mwendo wako kuwa joto, na kurudi kwenye 120 kunataka karibu desilita 0.7 za petroli juu ya matumizi ya kawaida. Anayetoka 80 kushuka 50 anapoteza theluthi ya hiyo. Vibao kumi kwenda na kumi kurudi, tofauti inakaribia lita nzima. Hiyo si hewa, lakini inatokana na mguu uleule.

Fundi amebadilisha plagi na sensa na gari bado linakula. Nitajuaje kama tatizo ni gari au mwendo?

Pima. Shemeji yangu anayekaa Mbezi alipita kwenye gereji mbili kwa tatizo hilo. Alilipia plagi, akalipia sensa, akasafishiwa nozeli, na matumizi yake ya Morogoro hayakushuka. Mke wa kaka yangu huyo hakopeshi maneno. Siku aliyonipigia aliniambia, "Shemeji, gari hili nitaliuza." Nikamwomba wiki mbili kwanza.

Tulifanya hivi. Jumamosi asubuhi tulijaza tenki kwenye kituo kilekile, pampu ileile, mpaka bomba lilipojikata lenyewe mara ya kwanza, bila kuongeza la kujazia. Tukaandika namba ya kilomita. Upepo wa matairi tulipima yakiwa bado ya baridi, tukaweka kiasi kilichoandikwa kwenye ubavu wa mlango wa dereva. Alikwenda Morogoro na kurudi kama anavyoendesha siku zote, yaani 120 barabara ikiwa wazi. Jumapili alijaza tena palepale: kilomita 362, lita 26.6. Ni lita 7.3 kwa kilomita 100.

Jumamosi iliyofuata kila kitu kilikuwa kilekile, ila sindano haikuvuka 85. Kilomita 362, lita 21.2. Ni lita 5.9 kwa kilomita 100. Tofauti ni lita 5.4, shilingi 16,200, na alichelewa dakika 40 kwa jumla ya kwenda na kurudi. Gari lilikuwa zima tangu mwanzo. Iliniuma kwa sababu fedha za plagi na sensa hazirudi, na hakuna fundi aliyemuuliza hata mara moja anaendesha mwendo gani.

Usipime kwa kwenda peke yake. Morogoro iko juu ya Dar kwa mita 500 hivi, na kulipandisha gari la kilo 1,200 hadi huko kunakula zaidi ya nusu lita ambayo hewa haihusiki nayo. Kurudi unateremka. Pima kwenda na kurudi pamoja. Na kama ungepunguza mwendo hadi 85 na bado ukatumia lita 7 au 8, hapo ndipo pa kumwona fundi: breki inayoshika, matairi laini, au hitilafu ya kweli kwenye injini.

Hewa inalikamata gari wapi zaidi, mbele?

Wengi wanadhani mbele, kwenye bampa. Sehemu kubwa iko nyuma. Gari likipita, hewa iliyopasuliwa inatakiwa ijifunge tena nyuma yake. Ikishindwa kufuata umbo, kwa mfano mahali ambapo paa linaishia ghafla na mlango wa nyuma unashuka wima, inabaki ikizunguka ovyo, na eneo hilo linakuwa na kanieneo ndogo kuliko mbele. Gari linazuiwa kwa mbele na kuvutwa kwa nyuma kwa wakati mmoja.

Ushahidi unao nyumbani. Pita barabara ya vumbi na gari lenye mgongo uliosimama, halafu simama uliangalie. Kioo cha mbele kina vumbi kidogo, lakini cha nyuma huoni kitu, na wapwa zako wanaweza kuandika majina yao juu yake. Vumbi lile halikurushwa pale na matairi moja kwa moja. Limerudishwa na hewa inayozunguka nyuma ya gari. Ndiyo maana magari haya yanawekewa wayper ya nyuma.

Godoro juu ya keria, au abiria wanne ndani: kipi kinakula zaidi?

Abiria wanne wenye jumla ya kilo 300 wanaongeza kwenye matairi newtoni 32 hivi. Kwenye hewa hawaongezi kitu, wako ndani.

Godoro la tano kwa sita, inchi 8, likilazwa juu ya keria linaongeza uso wa mita 1.5 kwa 0.2, yaani mita za mraba 0.3, na umbo lake si zuri. Kwenye 100 linaongeza newtoni 100 hivi, mara tatu ya abiria wote. Kwa kilomita 100 ni zaidi ya lita moja. Kama ni la kusafirishwa Mkuranga au Chalinze, lisafirishe kwa 70, kwa ajili ya mafuta na kwa ajili ya kamba. Kani inayolisukuma godoro nyuma inapanda kwa mraba vilevile, na kamba iliyolishika vizuri kwenye 60 inaweza kuliachia kwenye 110. Na keria tupu uiteremshe kama huitumii.

Nifungue madirisha au niwashe kiyoyozi?

Kiyoyozi kinakula kwa saa, dirisha linakula kwa kilomita. Kwenye foleni dirisha halikugharimu chochote. Kwenye 100 kufungua madirisha yote kunaivuruga hewa ubavuni, lakini kwa magari mengi bado si kubwa kuliko kazi ya kompresa. Joto la Februari likikuzidi, funga, washa, na uteremke hadi 90. Utakuwa umerudisha sehemu kubwa ya ulichotumia.

Nikijificha nyuma ya lori sipati nafuu?

Unapata, ukiwa karibu kiasi ambacho lori likikanyaga breki unaingia chini yake. Usifanye.

Kuna safari natumia zaidi kuelekea kusini kuliko kurudi, na mwendo ni uleule. Inawezekana?

Inawezekana kabisa, hasa Juni hadi Agosti kusi ikiwa imekaza. Hewa haijui sindano yako inasoma nini. Inachojua ni mwendo wako dhidi yake. Ukitoka Mbagala kwenda Kibiti kwa 80, na kusi inakujia usoni kwa kilomita 20 kwa saa sehemu zilizo wazi, gari linapambana na hewa kana kwamba uko kwenye 100: newtoni 325 badala ya 208. Muda wa 100 huupati, gharama yake unailipa.

Kurudi, upepo uko mgongoni na gari linaona 60 tu, newtoni 117. Mtu atasema basi zimefutana. Hazijafutana. Wastani wa 325 na 117 ni 221, bado ni zaidi ya 208 za siku ya shwari, kwa kuwa mraba unapandisha haraka kuliko unavyoshusha. Ukitaka kuirudisha hali, siku ya kusi punguza 10 ukielekea kusini, na ukirudi na upepo mgongoni unaweza kuongeza 10.